Fundi magari, Uyole, Mbeya: injini za dizeli, breki na magari yanayochemsha

Gereji yangu iko Uyole, jirani na njia panda ya kwenda Tukuyu. Nilisomea ufundi magari VETA Mbeya, nikakaa chini ya mafundi wakubwa, kisha nikafungua ya kwangu. Tuko mafundi watatu, fundi umeme na vijana wawili wanaojifunza kazi.

Milima ya huku ndiyo imetufundisha. Gari ikichemsha, mafundi wengi hukimbilia kung'oa thermostati. Hapa kazi hiyo hatuifanyi, hata mteja akiomba. Bila thermostati injini inachelewa kupata moto, hasa kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai, inakula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Tunaanza na kifuniko cha rejeta, klachi ya feni na pampu ya maji. Halafu tunawasha injini na kutazama kama maji yanatoa mapovu mfululizo, maana hapo mara nyingi gasketi au hedi imeachia. Prado na Surf za injini ya 1KZ zinajulikana kwa hedi kupata ufa. Tukiitoa, inapimwa kwa presha na uso wake unasawazishwa. Bolti tunazikaza kwa spana ya torki, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kukaza kwa kukisia ndiko kunakorudisha gari gereji.

Breki tunazipa uzito wa pekee. Kutoka Tukuyu kushuka Kyela breki zinapata moto sana, kwa hiyo Hiace na Coaster za abiria hazitoki hapa kabla hatujakagua pedi, ngoma, mipira na umri wa mafuta ya breki.

Tunahudumia pia IST, Probox, Noah, Premio, Hilux, Land Cruiser, Canter na Fuso. Giaboksi za CVT tunawekea mafuta yake tu, si yale ya otomatiki ya kawaida. Magari ya Ulaya tunafanya sevisi na breki. Kompyuta zake hatuna vifaa vya kuzimaliza, na tutakwambia mapema.

Najua hofu ya mwenye gari: kuacha kitu kizima na kukuta kimenyofolewa. Ndiyo maana ukileta gari tunaandika mbele yako kilomita, kiwango cha mafuta na vitu vilivyomo. Spea unaweza kununua mwenyewe. Tukikununulia, unapata risiti. Spea iliyotolewa unakabidhiwa uione. Tukikuta tatizo jingine, tunapiga simu kwanza, na usipokubali hatugusi. Tatizo lilelile likirudi ndani ya siku 30 kwa sababu ya kazi yetu, hulipi ufundi mara ya pili.

Tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kwa kazi ya hedi au ovahoo, leta gari asubuhi injini ikiwa bado ya baridi.