Ombi la ruhusa ya kuingia kozi ya Gesi katika Maji ya Ziwa Kivu bila kuwa na Kemia Fizikia II

Mheshimiwa Profesa,

Salamu za heshima kutoka Bukavu. Naitwa Furaha Bahati, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa lisansi katika idara ya jiolojia na mazingira. Ninaandika kuomba ruhusa yako nijiandikishe katika kozi utakayokuja kutufundisha kuanzia Jumatatu tarehe 25 Machi, ijapokuwa sina Kemia Fizikia II ambayo kozi hiyo inadai mtu awe ameipita kwanza. Apariteri ameniambia jina langu haliwezi kuingia kwenye orodha mpaka ampelekee dekani karatasi yenye neno lako, na orodha inafungwa Ijumaa tarehe 15 Machi saa sita mchana.

Kwa nini sina kozi hiyo, maelezo yake ni mafupi. Miaka miwili ya kwanza niliisomea Goma, katika chuo ambacho programu yake ina Kemia ya Jumla na Kemia ya Maji, lakini Kemia Fizikia inaishia kwenye sehemu ya kwanza. Mwaka jana nilihamia huku kwa sababu za familia. Rileve yangu ya alama ilichelewa kufika, nikaandikishwa mwishoni mwa Novemba, na Kemia Fizikia II ilikuwa imekwisha kufundishwa kwa wiki mbili za mfululizo, kama kozi nyingi zinazofundishwa na maprofesa wageni. Juri ilinikubalia kozi nyingine zote za nyuma. Hiyo moja nimebaki nayo kama deni, na nitaifanya itakaporudi semesta ya kwanza ya mwaka ujao. Sikuikimbia, Profesa, wala sikuianguka.

Ningeweza kungoja, ila kozi yako inatolewa mwaka mmoja na kuruka mwingine. Nikiikosa mwezi huu, nitamaliza lisansi bila kuisikia, na kazi yangu ya mwisho wa masomo ninataka kuiandika juu ya gesi za ardhini zinazotoka pwani ya kaskazini ya ziwa. Ingekuwa ajabu niandike juu ya gesi hizo huku aliyenifundisha ni silabi ya kuazima tu.

Silabi yenyewe niliiazima kwa sefu wa promosio ya mwaka juzi. Nimeisoma yote mara mbili, na sura ya tatu mara nne, kwa sababu ndiyo inayotumia Kemia Fizikia II zaidi kuliko sura nyingine. Sipendi kukuambia tu kwamba nimejiandaa. Mwanafunzi yeyote anayeomba kitu atasema hivyo. Afadhali nikuonyeshe hesabu moja niliyojipa mwenyewe, nawe utapima.

Nilitaka kujua ni gesi ipi kati ya zile mbili inayosukuma zaidi kule chini. Sote tunajua kaboni dioksidi ndiyo nyingi: ziwa linakadiriwa kubeba kilomita za ujazo kama 300 za kaboni dioksidi na kama 60 za methani, zikipimwa kwa hali ya kawaida ya hewa. Kwa hiyo nilidhani jibu ni kaboni dioksidi, tena kwa mbali. Nikachukua maji ya kina cha mita 450, yenye takriban moli 0,10 za kaboni dioksidi na moli 0,018 za methani kwa lita, nikagawanya kila kimoja kwa kigezo chake cha Henry cha nyuzi 25:

```
CO2:  0,10  / 0,034  =  2,9 atm
CH4:  0,018 / 0,0014 = 12,9 atm
jumla                ≈ 16 atm
```

Mara ya kwanza nilipata jibu la kichekesho kabisa, shinikizo lisilofika hata sehemu moja ya mia ya atmosifia, kwa sababu nilizidisha mahali pa kugawanya. Vitabu viwili nilivyokuwa navyo vinaandika kigezo cha Henry kwa njia mbili zilizo kinyume, kimoja moli kwa lita kwa atmosifia, kingine lita-atmosifia kwa moli, na mimi nilikuwa nimechanganya. Siku hizi, kabla ya kugusa namba, ninaandika kwanza vipimo vyake.

Kilichonishangaza ni kwamba methani, ambayo ni kidogo mara tano, ndiyo inayobeba shinikizo kubwa. Maji hayaipokei kirahisi. Kaboni dioksidi inayeyuka ndani yake kwa wingi na kutulia. Methani kidogo tu inatosha kutaka kutoka. Kisha nikapima uzito wa maji yaliyo juu: mita 450 zinatoa kama atmosifia 43,6, nikaongeza 0,84 ya hewa ya juu ya ziwa kwa kuwa tuko kwenye mwinuko wa mita 1.460 hivi na si usawa wa bahari, nikapata kama 44. Kwa hiyo pale chini gesi zinasukuma kwa kiasi cha zaidi kidogo ya theluthi ya kile kinachozibana. Ziwa halichemki, na sasa ninajua kwa nini halichemki, jambo ambalo nikiwa mtoto nilikuwa nikilichukua kama bahati tu.

Lakini hesabu hiyo ina mashimo, na mashimo yenyewe ndiyo Kemia Fizikia II. Nimetumia vigezo vya maji safi ya nyuzi 25, wakati maji ya chini ya Kivu yana chumvi na joto lake ni tofauti kidogo. Nimechukulia gesi kama gesi kamilifu kwenye shinikizo ambalo pengine halistahili kuchukuliwa hivyo. Neno fugasiti nalijua kwa jina, bado sijalifanyia kazi. Msawazo wa kaboni dioksidi na bikaboneti ninaufuata kwenye karatasi, ila ukiniuliza koefisienti ya aktiviti ya ioni nitakwama. Tena nilichagua mita 450 kwa kuwa namba zake nilikuwa nazo, wakati sehemu inayokaribia kueneza zaidi iko juu zaidi, chini kidogo ya ile ngazi kubwa ya mita 260, ambako gesi inapanda ghafla na uzito wa maji bado ni mdogo. Ningetaka sana kuifanya hesabu hiyo tukiwa darasani.

Upande wa vitendo sitoki mikono mitupu. Mimi ni mtoto wa Goma. Kwetu mtoto anafundishwa mazuku kabla ya kufundishwa kuhesabu: ukiona mbuzi amelala shimoni alfajiri, usishuke kumtoa. Kiangazi cha 2022 nilimsaidia mtafiti mmoja wa doktora kupima mazuku upande wa Bulengo na Ziwa la Kijani. Kazi yangu ilikuwa kushika fito yenye kipimo mwishoni na kuandika namba: kwenye kifundo cha mguu, kwenye goti, kifuani. Mara nyingi kifuani kulikuwa na hewa ya kawaida wakati miguuni kipimo kilikuwa kimefika mwisho wa skeli yake. Tulikuwa tunakwenda kabla ya jua kutoka, upepo ukiwa umelala, kwa kuwa jua likishapanda gesi inatawanyika na wenyeji wanapita pale pale na mitungi yao ya maji kana kwamba hakuna kitu. Moli ya kaboni dioksidi ina gramu 44, ya hewa ina 29 hivi. Tofauti hiyo niliijua miguuni kwanza, darasani baadaye.

Kutoka hapo nikaanza kuuliza maswali ya ziwa, maana gesi ni ile ile, na watu wanaolala juu yake ni wale wale. Kivu si Nyos. Lakini mtu wa pwani akisikia kwamba usiku mmoja wa Agosti 1986 ziwa dogo la Kameruni liliua watu zaidi ya 1.700, swali la kwanza analouliza ni la kwetu. Ningependa siku moja niweze kumjibu jirani yangu bila kumtia hofu na bila kumdanganya.

Ukikubali, niko tayari kwa sharti lolote utakaloona linafaa. Asistenti wako anayesimamia kazi za vitendo anaweza kunipa jaribio kabla ya tarehe 25, la kuandika au la mdomo, juu ya sura mbili za kwanza za Kemia Fizikia II. Yeye mwenyewe yuko hapa chuoni kila Jumanne na Alhamisi, na nimemwomba ruhusa ya kumtaja kwako. Nikianguka, jina langu liondolewe na sitarudi kubisha mlangoni. Mwenzangu mmoja aliyeipita kozi hiyo kwa alama nzuri amekubali tusome pamoja kila jioni kuanzia wiki hii, tukianzia kwenye fugasiti. Na ile kozi ya deni nitaifanya mwakani kama kawaida, siombi isamehewe.

Kama jibu ni hapana, ninaomba basi nikae darasani kama msikilizaji huru, bila alama na bila kredi. Sitauliza maswali yanayorudisha wengine nyuma, na kwenye mtumbwi wa kazi za vitendo sitachukua nafasi ya mwenye haki nayo. Minervali ya mwaka huu nimekwisha kulipa, kwa hiyo upande wa sekretarieti hakuna kitakachozuia.

Nimeambatanisha rileve yangu ya Goma, uamuzi wa juri ulionikubalia kozi za nyuma, na kurasa mbili za hesabu hiyo kwa mkono wangu, pamoja na ule ukurasa wenye kosa. Niliona si vizuri kuuficha.

Najua uko safarini, na mtandao wa huko unakatika. Neno moja tu la kujibu barua hii litatosha. Nitalichapisha na kulipeleka kwa apariteri mwenyewe kabla ya Ijumaa.

Asante kwa muda wako, Profesa.

Kwa heshima kubwa,

Furaha Bahati
Mwaka wa tatu wa lisansi, jiolojia na mazingira
Bukavu