Ratiba Yangu ya Masomo ya Wiki, Muhula wa Pili

Ratiba hii inaanza kutumika Jumatatu ya kwanza ya Machi na itaendelea hadi mtihani wa mwisho wa muhula. Nimeiandika kwa ajili yangu, lakini nakala yake itabandikwa kwenye mlango wa kabati la vyombo ili baba watoto, mdogo wangu na watoto wenyewe wajue ni saa zipi nimo masomoni na ni saa zipi ni zao. Kila kipindi cha kusoma kimetengwa mapema na kupewa kazi yake, kama inavyotengwa siku ya kliniki, kwa sababu muhula uliopita nilikuwa nasoma nafasi ikipatikana, na nafasi ilipatikana saa 3:30 usiku nikiwa nimechoka. Asubuhi moja niliamkia mezani nikakuta kalamu imechora mstari mrefu kukatiza ukurasa mzima wa leja, na zoezi liko pale pale nilipoliacha.

Mambo yasiyosogezwa ni haya. Kazini Mtumba ni saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na ili niwahi hunibidi niwe kituoni hapa Nzuguni saa 12:40 asubuhi. Masomo ya jioni ya stashahada ya uhasibu ni Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa 11:00 jioni hadi saa 2:00 usiku, chuoni mjini. Jumapili asubuhi ni ibada. Usingizi nao nimeuweka humu kwa makusudi: siku za chuo nitalala saa 4:00 usiku, na hakuna kipindi kitakachokopa muda kutoka hapo.

Jumatatu

Nitaamka saa 11:15 alfajiri bila kusoma chochote. Jioni, basi la kutoka Mtumba kwenda mjini hupita Nzuguni, karibu kabisa na nyumbani, na siku za chuo sitashuka hata kwa dakika tano za kuwasalimia watoto, kwa kuwa nimeshajaribu na kila mara nilifika darasani mwalimu ameshamaliza mfano wa kwanza. Nikifika chuoni saa 10:20, nitaingia maktaba, na kuanzia saa 10:30 hadi saa 10:55 jioni nitapitia mada ya siku hiyo: vichwa vya habari, mfano mmoja, na maswali mawili ya kumuuliza mwalimu, yaliyoandikwa kwenye ukingo wa daftari. Dakika hizo 25 zinaonekana chache, lakini naziona kuwa zenye faida kubwa kuliko saa nzima ya usiku. Kipindi cha darasani ni Uhasibu wa Fedha. Nitafika nyumbani kama saa 2:45 usiku, nitakula, nitakaa na watoto iwapo bado wako macho, kisha nitalala. Daftari litabaki ndani ya mkoba.

Jumanne

Hii ndiyo siku yenye kipindi ninachokitegemea zaidi. Kuanzia saa 10:30 alfajiri hadi saa 11:40, wakati nyumba yote imelala, nitafanya upya mifano ya Uhasibu wa Fedha iliyofundishwa jana yake. Nitafunika majibu kwa karatasi, nitaingiza miamala kwenye leja mwenyewe, debiti kwanza kisha krediti, na nitaandaa urari. Urari usipolingana, nitatafuta kosa hadi saa 11:40 itimie. Ikitimia nitaweka alama nyekundu na kufunga daftari, maana watoto huamka saa 12:00 na sitaki wanikute nimekunja uso kwa sababu ya shilingi 9,000 zisizoonekana.

Jioni ni ya nyumbani. Jumanne maji hutoka mtaani kwetu, kwa hiyo kabla ya chakula tutajaza madumu yote. Kuanzia saa 1:30 hadi saa 2:30 usiku tutakaa meza moja mimi na watoto: wa darasa la sita na kazi zake za shule, mdogo wake wa darasa la kwanza na kusoma kwake kwa sauti, nami na Hisabati za Biashara. Nimechagua hisabati kwa saa hiyo kwa kuwa naweza kuikatiza nimsikilize mtoto kisha nikarudi kwenye swali lile lile, jambo ambalo kwenye sheria siliwezi.

Jumatano

Hakuna kusoma alfajiri. Maktaba ni saa 10:30 hadi saa 10:55 jioni kama Jumatatu, na darasani ni Sheria ya Biashara.

Alhamisi

Saa 10:30 hadi saa 11:40 alfajiri ni Sheria ya Biashara. Nitaeleza kwa maneno yangu, kwa kuandika na bila kutazama, masharti yanayoufanya mkataba uwe halali chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: ridhaa iliyotolewa kwa hiari, wahusika wenye uwezo kisheria, malipo halali na lengo halali. Baada ya hapo ndipo nitafungua kitabu kulinganisha. Jioni ni maktaba, kisha darasa la Hisabati za Biashara.

Ijumaa

Alfajiri, saa zile zile, ni maswali matano ya hisabati ya jana yake. Jioni ya Ijumaa haina masomo kabisa, wala mtu asinishawishi kuyaweka. Ni jioni ya watoto na baba yao.

Jumamosi

Saa 12:30 hadi saa 1:45 asubuhi nitakwenda sokoni Majengo, kabla jua halijawa kali. Kuanzia saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi mdogo wangu atakuwa na watoto, nami nitakuwa chumbani, simu ikiwa imezimwa na kuachwa jikoni, pamoja na mapumziko ya dakika 20 saa 3:20. Hiki ni kipindi cha mazoezi marefu ya mtihani. Jumamosi ya kwanza kazi yake ni uchakavu kwa njia ya salio linalopungua: mashine ya shilingi 4,000,000 kwa asilimia 25 inapoteza 1,000,000 mwaka wa kwanza, 750,000 wa pili na 562,500 wa tatu, nami nitaandika maingizo ya miaka yote mitatu pamoja na yale ya kuiuza mashine mwishoni.

Saa 9:00 hadi saa 10:30 alasiri ni kipindi cha akiba. Mtoto akipata homa usiku, au umeme ukikatika alfajiri na taa ya kuchaji ikawa imeisha, kipindi kilichopotea kitahamia hapa, si kwenye usingizi. Vikipotea viwili, nitafidia kile cha Uhasibu wa Fedha na kingine nitakiacha. Wiki ambayo hakuna kilichopotea, alasiri hiyo ni ya kupumzika.

Jumapili

Baada ya ibada na chakula cha mchana sina masomo. Saa 2:00 hadi saa 2:20 usiku nitakaa na baba watoto tupitie wiki inayokuja, kwa kuwa safari zake za Singida hubadilika na kuna siku atapaswa kuwalaza watoto mwenyewe. Hapo ndipo nitaandika kwa penseli kazi mahususi ya kila kipindi: si “kusoma uhasibu” bali “swali la 3 na la 4, usuluhisho wa benki”. Kwa jumla, nje ya darasa, vipindi vyangu ni saa 8 na dakika 25 kwa wiki, na akiba ni saa moja na nusu. Wiki ya nne tukiona watoto wananikosa kupita kiasi, kipindi cha Jumamosi kitaishia saa 4:00.