Naomba jina langu liondolewe kwenye orodha yenu

Habari za kazi, dada.

Mimi ni yule mfamasia wa Tabata niliyewaletea wasifu wangu mwaka 2023, nikiomba nafasi ya duka la dawa. Mlinipokea vizuri, na hilo sijalisahau.

Ila tangu Januari nimepokea ujumbe kumi na moja wa nafasi za kazi kutoka kwenu, na hakuna hata mmoja unaohusu famasia. Dereva wa lori la Tunduma, fundi wa kuchomelea, wiki iliyopita mlinzi wa usiku Mbagala. Ni kazi za heshima zote, lakini sina leseni ya lori wala sijawahi kushika mashine ya kuchomelea. Mara mbili niliwajibu kwamba hazinihusu. Ujumbe mwingine uliingia saa nne usiku nikiwa zamu, nikamwacha mteja dirishani nikidhani ni simu ya nyumbani, maana mama anaumwa. Hilo liliniuma kweli.

Kwa hiyo naomba mnitoe kabisa: namba ya simu, barua pepe, na wasifu wangu mfute. Nimeshapata kazi, sitafuti tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanilinda katika hili, ingawa naamini hatutafika huko.

Nitashukuru ukinijibu kabla ya Ijumaa kwamba imefanyika. Kama orodha anaishika mwenzako, tafadhali mfikishie.

Asante, na kazi njema.

Neema
Tabata, Dar es Salaam