YAH: Ombi lenu la kuonana na Mkurugenzi tarehe 10 Juni

Ofisi ya Mkurugenzi,
Unguja.
18 Mei 2026

Bi Mwenyekiti,
Kikundi cha Wakulima wa Mwani,
Tumbe, Pemba.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yenu ya tarehe 11 Mei imefika, na Mkurugenzi ameisoma mwenyewe, yote. Ameniagiza niwajibu mapema, kabla hamjachangishana nauli.

Kwa masikitiko, Mkurugenzi hataweza kukutana nanyi Jumatano ya tarehe 10 Juni. Mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai, na mwezi wote wa Juni anatakiwa awe karibu na Baraza la Wawakilishi, Chukwani, makadirio ya Wizara yanapojadiliwa. Wajumbe wakiuliza jambo linalohusu Idara yetu, yeye ndiye anayetakiwa kuwa na jawabu mkononi. Ratiba ya huko hubadilika asubuhi kwa jioni, ndiyo maana sikuweza kumtengea hata saa moja ya uhakika.

Ningeweza kuwaambia mje tu, tutazame kama atapata upenyo. Sikuona kuwa ni haki. Kutoka Tumbe hadi bandari ya Mkoani ni kukivuka kisiwa karibu chote, kisha kuna boti na pahala pa kulala Unguja, na kina mama watano wanaacha majumba yao. Mkija mkaketi barazani kwetu kutwa nzima na mkarudi bila ya kuonana naye, itakuwa tumewakosea heshima.

Nimefahamu pia kwa nini mliichagua tarehe ile. Ni maji mafu, hamwendi shambani. Kwa hiyo nilipotafuta siku nyengine nilitazama kwanza mwezi, kisha ndiyo nikafungua shajara ya Mkurugenzi. Anatarajia kuwa Pemba wiki ya Saba Saba, na ameridhia kuonana nanyi Jumatano, tarehe 8 Julai, saa 4 asubuhi, katika ofisi yetu ya Chake Chake. Hapo pia itakuwa maji mafu, na hamtahitaji kupanda boti. Nimewatengea saa moja na nusu. Ikitokea shughuli za Baraza zikamzuia, nitampigia Katibu wenu wiki moja kabla, si siku ya safari.

Kuna mambo katika barua yenu ambayo hayawezi kungoja hadi Julai, hasa la chanja. Mmeeleza kwamba mvua za masika zimewanyeshea mwani ukiwa juu ya chanja zisizo na paa, na mnunuzi akaukataa kwa kuwa umepauka. Hilo Mkurugenzi amelikabidhi kwa Afisa wetu wa Chake Chake, ambaye atakuja Tumbe Jumatatu, tarehe 25 Mei, saa 4 asubuhi, kabla ya Idi. Tafadhalini mumuoneshe chanja zenyewe na viroba vilivyokataliwa, kama bado mnavyo. Si lazima kikundi kizima kiwepo. Wawili watatu wenye habari kamili wanatosha. Taarifa yake itakuwa mezani kwa Mkurugenzi kabla hamjaonana, ili siku ile muda usiishie katika maelezo ya mwanzo.

Suala la kotonii kufa na nyinyi kubakia na spinosamu yenye bei ndogo, Mkurugenzi amesema analitaka yeye mwenyewe, mdomo kwa mdomo. Anajua kuwa maji yakipata joto kotonii haistahamili, na kwamba kuihamishia kwenye kina kirefu kunataka vyombo na watu wanaojua kuogelea. Angependa asikie kutoka kwenu nani yuko tayari kwenda huko, na nani hawezi. Mkiwa na daftari la mauzo la msimu huu, njooni nalo. Kama hamna, njooni hivyo hivyo.

Naomba jawabu kuhusu tarehe 8 Julai mtakapojaaliwa. Wiki hii ni bamvua na najua wengi wenu mko pwani, kwa hiyo msijione mmechelewa. Katibu wenu anaweza kunipigia kwa nambari ile ile aliyonitafutia mwanzo, au ujumbe mfupi tu unatosha. Kama siku hiyo haiwafai, niambieni ipi inawafaa nami nitarudi kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi anakusalimuni nyote na anaomba radhi kwa kuwasogezea siku. Nami nawatakia Idi njema ya Mfunguo Tatu, nyinyi na watoto.

Wenu katika kazi,

Salma
Katibu Muhtasi,
Kwa niaba ya Mkurugenzi.

Nakala: Sheha wa Shehia yenu, Afisa, Ofisi ya Chake Chake.