Niko likizo 20 Julai hadi 9 Agosti, narudi kazini Jumatatu 10 Agosti 2026 (jibu la otomatiki)

Habari za kazi, na shikamoo kwa wanaostahili,

Meili yako imefika ila mimi sipo. Nimeanza likizo Jumatatu 20 Julai, mezani nitarudi Jumatatu 10 Agosti 2026 asubuhi, Nane Nane safari hii imeangukia Jumamosi kwahiyo haisogezi chochote. Niko nyumbani Lushoto huku baridi la Julai mnalijua wenyewe, na laptopu imebaki Dar kwa makusudi kabisa, so meili sitasoma, na Wasap usinitumie nyaraka maana zitapotelea humo katikati ya picha za harusi na salamu za magrupu.

Sasa najua wengi mnaoniandikia mna kontena njiani au lishashuka, na kontena halijui kama mtu yuko likizo, siku za bure zikiisha storeji inaanza kuhesabu na laini ya meli nao wanahesabu dimareji yao pembeni. Kwahiyo usinisubiri tafadhali.

Nyaraka zote na forodha anashika Dada Rehema. Meli imefunga gati na deliveri oda haijatoka, TANSAD imerudishwa na kweri, afisa kapandisha thamani ya mzigo, mzigo umepangiwa ukaguzi, kibali cha TBS au TMDA bado, yote hayo yake. Mafaili yangu yote nimemkabidhi kabla sijaondoka na anajua lipi limefikia wapi. Piga namba ya ofisi ileile iliyoko juu ya invoisi yetu, omba dawati la nyaraka. Ukimwandikia weka namba ya bili ya ladingi kwenye kichwa cha meili, siyo "HARAKA SANA" peke yake, maana asubuhi moja anaweza kuwa nazo tano za HARAKA SANA na hajui aanze na ya nani. Na invoisi na pakingi listi ziwe PDF zinazosomeka, ile picha ya simu iliyopigwa usiku yenye kivuli cha mkono mfumo unaweza ukaipokea vizuri tu lakini afisa ataikataa.

Mzigo ambao tayari umeachiliwa na unachotaka ni kuutoa bandarini au ICD, huyo ni Mzee Mbwana, yeye mpigie tu, meili hasomi na hajawahi kusoma. Magari ya transiti yanayoelekea Zambia, Kongo au Rwanda, likikwama Tunduma au Rusumo kwa ajili ya bondi au sili, nenda kwa bosi moja kwa moja hata kama ni usiku, hiyo haingoji kukuche. Invoisi zetu na risiti ni Grace wa akaunti.

Halafu hili naomba ulisome mara mbili. Ushuru na VAT vinalipwa kwa kontroo namba inayotoka kwenye mfumo, unalipia benki au kwa simu, jina linalokuja ni la TRA. Hakuna mtu wa ofisi yetu atakayekuambia tuma kwenye namba yake binafsi eti Hamisi yuko likizo kaniachia kazi, na akaunti ya kampuni haijabadilika. Ukipata meili ya hivyo hata kama ina jina langu na sahihi yangu chini, usilipe, piga kwanza ofisini.

Wanaouliza "gari hili kodi shingapi" (mko wengi na nawapenda), kwenye tovuti ya TRA kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika, unaweka aina, modeli, mwaka na ujazo wa injini kinakupa makadirio hapohapo bure. Angalia tu mwaka wa kutengenezwa vizuri kabla hujamlipa muuzaji wa Japani, gari likivuka miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu na hapo ndo watu wanakuja kulia kwangu wakati gari lishapanda meli.

Kwotesheni za mzigo ambao haujapakiwa, maombi ya fildi ya wanachuo, na wale wa kuja kutuuzia programu, hayo yasubiri 10 Agosti. Nikirudi nitaanza na za zamani kuja juu kwahiyo nipe hadi Jumatano ya wiki ile.

Jibu hili linakuja mara moja tu kwa kila anayeandika. Ukituma tena ukaona kimya usidhani nimesoma nikanyamaza, bado niko Lushoto.

Hamisi
Dawati la nyaraka na forodha, Dar es Salaam