YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUHAMISHA SH. 17,800,000 KATI YA KASMA ZA BAJETI, MRADI WA MWANI, WILAYA YA MICHEWENI

Micheweni, Pemba
10 Novemba 2025

Meneja wa Ruzuku,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa mujibu wa kifungu cha 9.2 cha Mkataba wa Ruzuku, mabadiliko yanayozidi asilimia 10 ya kasma yoyote, au yanayoanzisha kasma mpya, yanahitaji kibali chenu cha maandishi kabla fedha haijatumika. Ombi hili linagusa yote mawili. Tunaomba kuhamisha Sh. 17,800,000, sawa na takriban asilimia 12 ya ruzuku nzima ya Sh. 148,500,000, kutoka kasma tatu zilizopo kwenda kasma mpya ya mashamba ya mwani ya maji makuu. Jumla ya ruzuku haibadiliki, na tarehe ya kumaliza mradi inabaki 31 Desemba 2026.

Sababu ni joto la maji. Tulipoandika andiko la mradi mwaka 2024, tulipanga kila mmoja wa wanachama wetu 96 awe na kamba 20 zilizofungwa kwenye vigingi ufukweni, kama kilimo cha mwani kilivyofanyika Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Januari 2025 kamba zote 1,920 zilipandwa. Kufika katikati ya Machi, kamba 1,310 zilikuwa tupu. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa jua likiwa kichwani, yale yanayobaki kwenye madimbwi kati ya vigingi huchemka kama yamewekwa jikoni. Siku moja ya Februari kipimajoto chetu kilisoma nyuzi 36. Mwani huanza kupauka kwenye ncha, ncha hulainika, kisha kichala kizima hukatika na kuchukuliwa na maji. Mama mmoja wa Maziwa Ng'ombe alinionesha kamba yake siku hiyo: taitai, zile nyuzi za kufungia vichala, zote ziko mahali pake, zimefungwa vizuri, na hakuna hata kichala kimoja kilichobaki. Alikuwa ameifunga kamba ile kwa mkono wake kwa siku mbili.

Napenda kusema wazi kwamba kosa la kupanga ni letu. Katika vikao vya kuandaa andiko, wakulima wakongwe walitueleza kwamba mwani wa aina ya kotonii umekuwa ukiwafia karibu na ufukwe kwa miaka mingi na kwamba sasa hata ule wa aina ya spinosamu hauna uhakika msimu wa kaskazi. Tuliyasikia, tukayaweka kwenye sura ya changamoto, halafu tukaandika bajeti ya vigingi vile vile. Bajeti ilipaswa kufuata maneno yao.

Machi 2025, katikati ya joto lile lile, wanachama walichanga Sh. 186,000 wakafunga kamba sita za kotonii kwenye maji ya pima mbili wakati wa kupwa, zikielea kwa maboya ya madumu na kushikiliwa na viroba vya mchanga. Baada ya siku 45, kamba tano zilivunwa zikiwa na afya. Ya sita ilikatwa na nyavu za wavuvi. Walirudia Septemba na Oktoba na zote sita zikavunwa. Tunajua kamba sita ni chache, na majaribio ya pili yalifanyika maji yakiwa bado ya baridi ya kusi. Lakini yale ya Machi yalifanyika wakati ambao ufukweni hakukuwa na kitu, na ndiyo yaliyotufanya tuandike barua hii. Kwa mkulima tofauti ni kubwa: mnunuzi wetu analipa Sh. 900 kwa kilo ya spinosamu kavu na Sh. 2,100 kwa kilo ya kotonii kavu.

Mchanganuo wa fedha ni huu, kwa shilingi za Tanzania:

| Kasma | Bajeti ya sasa | Iliyotumika hadi 31 Oktoba | Mabadiliko | Bajeti mpya |
|---|---|---|---|---|
| 2.1 Vigingi na kamba za ufukweni | 14,400,000 | 5,250,000 | −7,900,000 | 6,500,000 |
| 4.3 Ziara ya mafunzo Unguja | 5,600,000 | 0 | −5,600,000 | 0 |
| 5.2 Kodi ya jengo la kusagia | 6,000,000 | 1,500,000 | −4,300,000 | 1,700,000 |
| 2.4 Mashamba ya maji makuu (mpya) | 0 | 0 | +17,800,000 | 17,800,000 |

Kwenye kasma 2.1 tumebakiza Sh. 1,250,000 kwa taitai na marekebisho, kwa sababu ufukwe hatuuachi kabisa: msimu wa kusi maji yanapopoa, spinosamu bado inaota pale. Kasma 5.2 ina akiba kwa sababu tangu Julai kamati ya shehia imetupa chumba bure kwa maandishi hadi mwisho wa mradi, Sh. 200,000 iliyobaki ni ya kurekebisha mlango na waya za umeme.

Kasma 4.3 ndiyo iliyotuumiza. Ziara hiyo ilikuwa ya wanawake 20 kwenda kujifunza utengenezaji wa sabuni ya mwani kwa wenzao wa pwani ya mashariki ya Unguja, na wengi wao hawajawahi kutoka Pemba. Hatukutaka uongozi uwaamulie. Mkutano wa wanachama wa 2 Novemba ulijadili jambo hili peke yake kwa zaidi ya saa moja, na mama aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya wasafiri ndiye aliyesimama akasema sabuni bila mwani ni povu la nini. Waliohudhuria walikuwa 81, wote wakaafiki. Mafunzo ya sabuni yatafanyika hapa hapa kwa kutumia kasma 4.1, ambayo haiguswi, kwa kumwalika mkufunzi mmoja badala ya kusafirisha watu 20.

Fedha mpya itatumika hivi. Madau mawili ya mbao, kila moja Sh. 3,600,000, jumla Sh. 7,200,000. Kamba, maboya na viroba vya nanga, Sh. 5,150,000. Jaketi za kuokolea maisha 40 kwa Sh. 55,000 kila moja, jumla Sh. 2,200,000: za wakulima 36 na manahodha na wasaidizi wao wanne. Mafunzo ya kuogelea ya siku 10, Sh. 2,800,000, yaani wakufunzi wawili kwa Sh. 50,000 kwa siku na nauli na chakula cha wanawake 36 kwa Sh. 5,000 kwa siku. Usajili na ukaguzi wa vyombo, pamoja na kalafati ya mwaka wa kwanza, Sh. 450,000.

Madau hayatakuwa na mashine. Mafuta ya mashine yangekuwa mzigo wa wanachama kuanzia Januari 2027, na mashamba yako mwendo wa nusu saa kwa tanga au kasia. Dau moja litahudumia Tumbe, la pili litatumiwa kwa zamu na shehia mbili zilizopakana, ikiwemo Maziwa Ng'ombe.

Naomba mlitazame kwa makini suala la kuogelea, kwa kuwa ndilo linalonikosesha usingizi. Wanawake hawa wameishi na bahari maisha yao yote, lakini bahari yao ni ile ya kupwa, ya magoti hadi kiuno. Kati ya 36 waliojitolea, wanaoweza kuogelea ni wanne. Kumtoa mtu asiyejua kuogelea ufukweni na kumpeleka kwenye maji ya pima mbili bila mafunzo ni jambo ambalo shirika letu halitalifanya, hata kama kibali cha madau kitatangulia. Mkufunzi mkuu atakuwa mwanamke, mafunzo yatafanyika kwenye ghuba iliyojificha na upepo, na wanafunzi watavaa mavazi ya stara waliyoyachagua wenyewe. Hakuna atakayepanda dau kwa kazi ya shamba kabla ya kuelea dakika tano bila jaketi na kuogelea mita 25. Endapo mtaona ni lazima kupunguza kitu katika ombi hili, tunaomba kipunguzwe kwenye kamba na maboya, si hapa.

Kuhusu matokeo ya mradi: lengo la kipato cha wanachama linabaki, ila tunatarajia lifikiwe robo ya tatu ya 2026 badala ya robo ya kwanza. Kiashiria cha "wakulima 96 wenye mashamba ya vigingi" tunaomba kibadilishwe kiwe wakulima 36 wa maji makuu na 60 wanaolima ufukweni msimu wa kusi na kufanya kazi ya kusaga na sabuni msimu wa kaskazi. Hao 60 watapata mapato madogo mwanzoni, na hatutaki jambo hilo lifichike kwenye wastani. Taarifa zetu za robo mwaka zitaonesha makundi mawili kila moja peke yake. Mkutano pia umekubaliana asilimia 10 ya mauzo ya kotonii iingie mfuko wa kamba na madau, ili awamu ya pili ya wakulima itokane na mfuko huo.

Hatujatumia shilingi yoyote ya kasma hizi kwa kazi mpya. Ununuzi wa vigingi tuliusimamisha Septemba, na zile Sh. 186,000 za majaribio hatuombi zirejeshwe. Hatuombi pia awamu ya tatu ya ruzuku iharakishwe: kati ya Sh. 74,250,000 tulizopokea tumetumia Sh. 47,910,000, na salio la benki la 31 Oktoba, Sh. 26,340,000, linatosha ununuzi huu pamoja na mishahara na mafuta ya Novemba na Desemba.

Tunaomba jibu, hata kwa barua pepe, ifikapo 28 Novemba 2025. Bamvua la mwezi mwandamo litakuwa karibu na 20 Desemba. Hapo ndipo maji hukupwa vya kutosha kuweka nanga na kuzikagua kwa macho, na mbegu ikifungwa wiki hiyo itavunwa mwanzoni mwa Februari. Fundi ana dau moja lililokamilika ufukweni na la pili limebakiza mbao za juu. Amekubali kutusubiri hadi 28 Novemba bila arbuni, kwa kuwa tumemwambia ukweli kwamba hatuna ruhusa ya kulipa.

Endapo mtahitaji kuja kuona, tunakaribisha kwa moyo mmoja. Bamvua lijalo linaangukia karibu na 20 Novemba, na kamba za majaribio bado ziko majini.

Tumeambatanisha bajeti iliyorekebishwa, muhtasari wa mkutano wa 2 Novemba wenye saini na alama za vidole za wanachama 81, bei za wauzaji watatu kwa kamba, maboya na jaketi, makadirio ya mafundi wawili wa madau, barua ya kamati ya shehia kuhusu chumba, na taarifa ya benki ya Oktoba.

Wenu katika kazi,

Mratibu wa Mradi,
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Utendaji, Mhasibu wa Mradi, Masheha wa shehia tatu za mradi