YAH: KUSITISHWA KWA AJIRA YAKO MWISHONI MWA KIPINDI CHA MAJARIBIO

Ofisi ya Rasilimali Watu,
Kiwanda cha Kuchakata Samaki,
Ilemela, Mwanza.

31 Julai 2025

Bi. Neema,
Karani wa Mapokezi ya Samaki.

Ndugu Neema,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa barua hii nakuarifu kwamba uongozi umeamua kutokukuthibitisha kazini, na kwamba ajira yako iliyoanza tarehe 1 Machi 2025 itakoma tarehe 31 Agosti 2025, siku ambayo kipindi chako cha majaribio cha miezi sita kinamalizika. Muda wa kuanzia kesho hadi tarehe hiyo ndiyo notisi yako, nao unazidi siku 28 zinazotakiwa na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi.

Sababu ya uamuzi huu ni moja, nayo ni utunzaji wa kumbukumbu za mapokezi. Kama unavyojua, sangara anayeingia kiwandani hupimwa uzito na joto pale pale anaposhushwa, na fomu hujazwa kabla kreti haijavuka mlango wa chumba cha baridi, kwa kuwa fomu hiyo ndiyo inayotuwezesha kumfuatilia samaki kutoka kwenye minofu iliyokwisha kufungwa hadi kwa wakala na mwalo alikotoka. Tulizungumza nawe mara ya kwanza tarehe 24 Aprili, baada ya kubainika kwamba fomu zilikuwa zinajazwa mwisho wa zamu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni, fomu ya gari lililotoka Sengerema ilionyesha nyuzi 3 kwa kila kreti, ilhali msimamizi wa zamu alipochomeka kipimajoto kwenye kreti mbili za chini, ambazo barafu yake ilikuwa imekwisha kuyeyuka, alisoma nyuzi 7. Samaki wale wangeingia kwenye mstari wa minofu kwa maandishi yasiyo ya kweli.

Tarehe 16 Juni ulipewa barua ya maelekezo na muda wa mwezi mmoja wa kujirekebisha. Ulieleza kwamba foleni ya magari usiku ni ndefu kwa mtu mmoja. Hoja hiyo tuliiona ya haki, na ndiyo maana uliongezewa msaidizi wa mizani. Hata hivyo, fomu za wiki ya pili ya Julai zilikuwa na kasoro ile ile, na katika kikao cha tarehe 22 Julai, ulichohudhuria pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi uliyemchagua mwenyewe, hukuwa na maelezo tofauti.

Napenda ieleweke wazi kwamba hutuhumiwi wizi wala udanganyifu wa kujinufaisha. Mahudhurio yako ni mazuri, na mawakala wanasifu lugha yako hata pale samaki wao wanapokataliwa kwa kuwa chini ya sentimita 50, jambo ambalo si jepesi saa nane za usiku.

Kuhusu stahiki zako, utalipwa mshahara kamili wa Agosti, Sh 520,000, pamoja na malipo ya siku 14 za likizo ulizolimbikiza bila kuzitumia, kwa Sh 20,000 kwa siku, yaani Sh 280,000. Jumla ni Sh 800,000 kabla ya makato ya NSSF na kodi ya mapato. Kwa kuwa tarehe 31 Agosti ni Jumapili, fedha zitaingizwa katika akaunti yako Ijumaa, tarehe 29 Agosti. Kwa kuwa uliajiriwa kutoka Nansio, kiwanda kitagharamia safari yako na mizigo yako hadi huko, ikiwemo nauli ya kivuko. Kiinua mgongo hakitakuwepo, kwa sababu sheria inakitoa kwa aliyetimiza miezi 12 ya utumishi mfululizo. Hati ya utumishi utakabidhiwa siku ya mwisho. Haitataja sababu za kuachishwa.

Tafadhali rejesha kitambulisho, kipimajoto na funguo za ofisi ya mizani kwa msimamizi wako ifikapo tarehe 29 Agosti. Mabuti na makoti ya baridi yarudishwe stoo.

Endapo unaona hukutendewa haki, unaweza kumwandikia Meneja Mkuu, au kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Mwanza, ndani ya siku 30 tangu ajira inapokoma. Kumwandikia Meneja Mkuu hakusimamishi hesabu ya siku hizo. Aidha, nafasi za ufungashaji zikitangazwa, hakuna kinachokuzuia kuomba, na maombi yako yatapokelewa kama ya mtu mwingine yeyote.

Tafadhali saini nakala ya barua hii kuthibitisha kwamba umeipokea. Saini hiyo haimaanishi kwamba umekubaliana na yaliyomo.

Wako katika kazi,

Meneja Rasilimali Watu

Nakala: Meneja Mkuu, Mhasibu, Jalada la mfanyakazi.